Hakimiliki au hataza: ulinganisho kwa msanii anayevumbua vifaa

Tuchukue taa moja ya mezani tuikague hadi ndani. Umeichora na kuiunda wewe mwenyewe. Ina umbo la korongo aliyesimama kwa mguu mmoja, mwili wake ni wa shaba nyembamba iliyopigwa nyundo, na kwenye mabawa umechonga mistari ya manyoya kwa mkono. Balbu imefichwa chini ya kifua, na mabawa ndiyo yanayoakisi mwanga. Ukiyakunjua, mwanga unatanda meza nzima. Ukiyafumba, unabaki duara dogo juu ya kitabu.

Mpaka hapo ni taa nzuri, basi. Lakini umeongeza jambo. Mwanga ukisambazwa kwenye eneo kubwa hufifia, na mtumiaji hulazimika kuongeza nguvu ya balbu kwa mkono. Wewe umeweka ndani ya kifua mhimili mmoja unaobeba mabawa yote mawili, na juu ya mhimili huo kuna kipande cha chuma chenye umbo la yai. Mabawa yakifunguka, kipande hicho huzunguka na kusukuma kidhibiti cha umeme. Umbo la yai umelipima kwa makini, hivyo nguvu ya balbu inapanda kadiri eneo linavyopanuka, na ukurasa ulio katikati haupotezi mwangaza hata mabawa yakiwa wazi kabisa.

Taa hii ni kazi ya sanaa na ni uvumbuzi. Hakimiliki inaijua taa ya kwanza, ile ya korongo. Hataza, au pateni kama wengi wanavyoiita, inaijua taa ya pili, ile ya mhimili na yai. Vijana wengi wenye vipaji viwili kama wewe huamini kwamba wakiwa na moja wamelindwa kote, na hapo ndipo hupoteza kile walichokithamini zaidi.

Watu watatu wanaoitamani taa yako

Mtu wa kwanza anainunua, anatengeneza kalibu ya korongo wako mzima, mstari kwa mstari wa manyoya, kisha ndani anaweka swichi ya kawaida. Mtambo wako hakuugusa. Hataza haina la kumwambia mtu huyu, kwa kuwa hataza hulinda namna kifaa kinavyofanya kazi, na namna hiyo yeye hakuitumia. Hakimiliki ndiyo inayomkamata, maana amenakili umbo ulilolitunga.

Mtu wa pili hana haja na korongo. Anaunda taa yenye umbo la yungiyungi, petali zake zinafunguka badala ya mabawa, na ndani ameweka mhimili uleule na kipande kilekile cha yai. Ukimpeleka mbele ya sheria kwa hakimiliki peke yake, utarudi mikono mitupu. Hakimiliki hulinda namna wazo lilivyoelezwa au kuumbwa, na wazo lenyewe huliacha huru. Mkataba wa TRIPS wa mwaka 1994, unaozifunga nchi wanachama wa Shirika la Biashara Duniani, unasema hivyo waziwazi katika kifungu cha 9: mawazo, taratibu, mbinu za utendaji na dhana za kihisabati hazimo ndani ya hakimiliki. Hata michoro yako ya kiufundi, ambayo kama michoro ina hakimiliki, humzuia mtu kuinakili michoro hiyo; kwa kawaida haimzuii kuisoma na kuunda mtambo unaoelezwa ndani yake. Anayeweza kumsimamisha bwana wa yungiyungi ni mwenye hataza.

Mtu wa tatu hajawahi kuiona taa yako. Alikuwa kwenye karakana yake, akakutana na tatizo lilelile la mwanga kufifia, akafikia jibu lilelile. Kwa hakimiliki hana kosa lolote. Mtu akitunga bila kunakili, alichotunga ni chake hata kikifanana na cha mwenzake. Kwa hataza, mambo yanageuka. Mwenye hataza anaweza kumzuia hata huyu asiyejua, ingawa nchi nyingi humruhusu mtu aliyekuwa tayari akiutumia uvumbuzi kabla ya tarehe ya maombi ya mwenzake kuendelea na alichokuwa akikifanya. Na kama ni yeye aliyetangulia kuwasilisha maombi, atakayezuiwa unaweza kuwa wewe.

Hili limewahi kutokea kwa ukaribu wa kutisha. Tarehe 14 Februari 1876, nyaraka za Alexander Graham Bell na za Elisha Gray kuhusu kusafirisha sauti kwa umeme zilifika katika ofisi ya hataza ya Marekani siku moja. Hataza ya simu ilikwenda kwa Bell tarehe 7 Machi mwaka huohuo, na mabishano yaliyofuata yalidumu miaka mingi. Siku hizi karibu nchi zote humpa haki aliyewahi kuwasilisha maombi. Marekani nayo, iliyokuwa ikimtazama aliyevumbua kwanza, ilihamia utaratibu huo tarehe 16 Machi 2013.

Mtu wa tatu ndiye anayetufumbulia kwa nini haki hizi mbili hupatikana kwa njia zisizofanana hata kidogo. Hakimiliki haimgusi asiyenakili, kwa hiyo dunia imekubali kuitoa bure na papo hapo. Chini ya Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, ulinzi huanza kazi inapoumbwa, bila fomu wala ada, na hutambuliwa katika nchi zote wanachama, ambazo sasa zimepita 180. Mstari wa manyoya ulipokauka kwenye karatasi, ulikuwa tayari na hakimiliki. Hataza humfunga hata asiye na hatia, ndiyo maana hutolewa kwa masharti. Unaomba, unalipa, na katika nchi nyingi mkaguzi anachunguza kama uvumbuzi wako ni mpya duniani kote, kama haungekuwa wazi kwa fundi wa kawaida wa fani hiyo, na kama unaweza kutengenezwa au kutumika viwandani. Ukikubaliwa, ulinzi unaishia katika nchi ulizoomba tu. Hakuna hataza ya dunia nzima.

Kile mkaguzi anachokisoma

Msanii anapoandika maombi ya hataza kwa mara ya kwanza huanza na korongo, na si ajabu, kwani korongo ndiye aliyemsumbua usiku. Lakini nguvu ya hataza imo katika sehemu inayoitwa madai, yaani sentensi zinazoweka mpaka wa kile unachokimiliki. Kila neno unaloliingiza katika dai linapunguza eneo lako. Ukiandika "taa yenye umbo la korongo ambaye mabawa yake...", bwana wa yungiyungi anapita katikati akiwa huru, kwa sababu taa yake haina korongo.

Dai la taa yetu lingeweza kusomeka hivi: *Taa yenye chanzo cha mwanga, angalau viakisi viwili vinavyozunguka kwa pamoja, na kiungo cha kimakanika kati ya viakisi hivyo na kidhibiti cha umeme, ambapo viakisi vinapofunguka kiungo hicho huongeza nguvu ya chanzo cha mwanga kwa kiwango kinachofanya mwangaza wa katikati ya eneo linalomulikwa ubaki karibu uleule.*

Hakuna ndege humo. Hakuna shaba, hakuna manyoya, hata yai lenyewe halikutajwa, kwa sababu mtu angeweza kutumia gia ndogo au springi kufikia jambo hilohilo. Yai litatajwa katika dai la chini yake, ambalo ni finyu zaidi, ili mkaguzi akikataa dai pana ubaki na pa kusimama. Kisha katika maelezo utaeleza kila kitu kwa ukamilifu, pamoja na vipimo vya yai na namna ya kuvipata, hadi fundi mwingine aweze kuiunda taa bila kukuuliza. Hayo ndiyo malipo yako kwa umma: unapewa miaka 20 kuanzia tarehe ya kuwasilisha maombi, na wao wanapewa elimu yote. Muda ukiisha, yeyote anaruhusiwa kuutumia mtambo.

Jambo moja hapa huwaponza wengi. Baada ya kuwasilisha, huruhusiwi kuingiza jambo jipya ndani ya maombi yaleyale. Ukigundua miezi mitatu baadaye kwamba springi inafanya kazi vizuri kuliko yai, na springi hukuitaja kabisa, utahitaji maombi mapya yenye tarehe mpya. Kwa hiyo andika kila njia uliyoifikiria, hata ile uliyoona ni dhaifu.

Mstari mgumu: bawa ni la nani?

Manyoya yaliyochongwa ni ya hakimiliki, mhimili ni wa hataza. Hayo ni mepesi. Ugumu uko kwenye bawa lenyewe. Umelikunja hivyo kwa kuwa lilikupendeza, au kwa kuwa mkunjo huo ndio unaorusha mwanga mahali panapotakiwa? Wewe unayechora na kuvumbua kwa mkono mmoja utakutana na swali hili katika karibu kila kitu utakachounda, na mahakama zimelijibu kwa namna zisizolingana.

Mwaka 1954, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kesi ya Mazer dhidi ya Stein. Sanamu ndogo za wachezaji dansi zilikuwa zimetengenezwa ziwe vitako vya taa, na walioshtakiwa kwa kuzinakili walidai kwamba kitu kinachouzwa kama kitako cha taa hakiwezi kuwa na hakimiliki. Mahakama ikakataa hoja hiyo. Sanamu haikupoteza hakimiliki yake kwa sababu tu imebeba balbu. Kwa korongo wako hiyo ni habari njema: mwili, shingo na manyoya vinaweza kusimama kama sanamu hata taa ikiondolewa.

Kesi ya pili haina faraja hiyo. Msanii mmoja Mmarekani alikuwa na sanamu za waya zilizopindwapindwa kama mawimbi. Rafiki yake, mpenzi wa baiskeli, akamwambia zingefaa kuwa vishikio vya kuegeshea baiskeli. Msanii akakubali. Akapanua mikunjo ya juu ili baiskeli ziingie chini yake, akanyoosha nguzo za wima ili kishikio kiweze kusimikwa ardhini, akatumia bomba zito la chuma. Kilikuwa kitu cha kupendeza, na kilisifiwa na wasanifu. Lakini mwaka 1987, katika kesi ya Brandir dhidi ya Cascade Pacific Lumber, mahakama ya rufaa ilisema hakimiliki haipo, kwa kuwa kila badiliko lililoitoa sanamu kwenye rafu na kuifikisha barabarani lilikuwa limeamuliwa na matumizi. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilihamisha kipimo: sasa kinachotazamwa ni kama sehemu ya kisanaa inaweza kuonekana kama kazi ya sanaa inayojitegemea, ikitengwa na kifaa, na historia ya namna ulivyoibuni haina uzito ule wa zamani.

Ulaya ilikutana na swali hilo kupitia baiskeli ya kukunja ya Brompton. Hataza ya mtambo wake wa kukunjika ilikuwa imeisha, na washindani wakaanza kuuza baiskeli inayofanana nayo sana. Je, hakimiliki ingeweza kuchukua nafasi ya hataza iliyokwisha? Mwaka 2020 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilijibu kwamba umbo linalohitajika, angalau kwa sehemu, ili kupata matokeo ya kiufundi linaweza kuwa na hakimiliki, mradi mbunifu amefanya uchaguzi huru unaoakisi nafsi yake. Pale ambapo umbo limeamuliwa na kazi peke yake, hakuna hakimiliki. Mahakama ikaongeza jambo ambalo wabunifu wengi hulisahau: kuwepo kwa maumbo mengine ambayo yangefanya kazi ileile hakutoshi kuthibitisha kwamba ulichagua kwa uhuru.

Kwa hiyo rudi kwenye bawa, na uligawe. Mkunjo wa ndani, unaoakisi mwanga, umeamuliwa na hesabu za mwanga; usiutegemee kwa hakimiliki, uweke kwenye maombi ya hataza. Ukingo wa nje, urefu wa manyoya ya mwisho, mpangilio wa mistari, hivyo umevichagua kama msanii. Hifadhi michoro yako yenye tarehe, hasa ile inayoonyesha mikunjo uliyoikataa. Katika nchi ambazo hakimu huuliza kama ulichagua kwa uhuru, karatasi za aina hiyo ndizo zitakazokutetea.

Kuna pia haki ya tatu, ya muundo wa viwandani, inayosajiliwa kwa ajili ya sura ya bidhaa na kudumu angalau miaka 10 chini ya TRIPS. Siitanui hapa, ila ujue ipo, kwa sababu katika nchi zinazoibania hakimiliki sanaa iliyo kwenye vifaa, hiyo ndiyo itakayomzuia mtu wa kwanza.

Kuonyesha kazi

Hapa, mdogo wangu, ndipo moyo wa msanii na maslahi ya mvumbuzi hugombana. Msanii huishi kwa kuonyesha. Ukiweka picha ya korongo mtandaoni, hakimiliki yako haipungui hata chembe. Kwa hakika chapisho lenye tarehe linaweza kukusaidia kuthibitisha kwamba ulitangulia. Lakini ukiweka video ukieleza jinsi yai linavyosukuma kidhibiti, uvumbuzi wako si mpya tena, na aliyeufanya kuukuu ni wewe. Katika Ulaya hakuna msamaha kwa mvumbuzi aliyejianika mwenyewe, ukiacha mambo machache kama kuibiwa siri au kuonyesha kwenye maonyesho rasmi yanayotambuliwa na mkataba wa maonyesho ya kimataifa. Marekani, Japani na Korea Kusini humpa mvumbuzi miezi 12 ya kuwasilisha maombi baada ya kutangaza mwenyewe, lakini anayeitegemea nafasi hiyo anakuwa amekwisha kuzifunga nchi zisizoitoa.

Si kila kuonyesha kunaua. Picha ya korongo aliyefumba mabawa haimfundishi mtu chochote kuhusu mtambo wa ndani. Kinachohesabiwa ni kama umma umepewa uwezo wa kuuelewa uvumbuzi. Kuuza taa hata moja ni hatari kuliko picha, kwa sababu mnunuzi anaweza kuifungua kwa bisibisi na kuona kila kitu. Kumwonyesha mwenye kiwanda bila makubaliano ya kutunza siri ni hatari vilevile, hata mkiwa wawili tu chumbani. Wasilisho la darasani, tasnifu iliyowekwa maktaba, bango la maonyesho, vyote huhesabiwa.

Basi mpangilio unakuwa huu. Tuseme unawasilisha maombi ya kwanza tarehe 1 Machi 2027. Kuanzia siku inayofuata unaweza kuonyesha, kuuza na kueleza kilichomo ndani ya maombi hayo, bila kujiharibia. Mkataba wa Paris wa mwaka 1883 unakupa miezi 12, yaani hadi 1 Machi 2028, kuomba katika nchi nyingine wanachama na bado uhesabiwe tarehe ile ya kwanza. Kwa muundo wa viwandani muda huo ni miezi 6 tu, hadi 1 Septemba 2027, na wengi hukosea wakidhani ni sawa. Kabla miezi 12 haijaisha unaweza pia kutumia Mkataba wa Ushirikiano wa Hataza, ambao hautoi hataza yenyewe, ila unakuwezesha kupeleka maombi mamoja na kuahirisha uchaguzi wa nchi hadi kwa kawaida miezi 30 tangu tarehe ya kwanza, yaani 1 Septemba 2029. Muda huo ni wa thamani: unaiuza taa, unaona ni nani anaitaka na wapi, ndipo unalipa ada za nchi zinazostahili. Maombi yenyewe huchapishwa baada ya miezi 18, na tangu hapo siri imekwisha.

Hataza ikitolewa, na ukilipa ada za kuidumisha bila kukosa, itafika 1 Machi 2047 au karibu na hapo. Ada ikisahaulika, hataza hufa kabla ya wakati. Hakimiliki ya korongo haina ada. Kwa kawaida hudumu maisha yako yote na angalau miaka 50 baada ya kufa, na nchi nyingi zimeifanya 70. Tahadhari ni moja: Mkataba wa Berne unaziruhusu nchi kuipa sanaa iliyo kwenye vifaa muda mfupi zaidi, mradi usipungue miaka 25 tangu kazi ilipoumbwa.

Kutafuta kabla ya kulipa

Hakimiliki haikulazimishi kupekua kilichowahi kuchorwa duniani. Hataza inakulazimisha, maana kitu chochote kilichotangazwa popote, kwa lugha yoyote, wakati wowote kabla ya tarehe yako, kinaweza kuliangusha dai lako. Kupekua si kazi ya wakili peke yake. Hifadhidata za hataza mtandaoni, Espacenet na PATENTSCOPE, ziko wazi na hazina malipo. Kosa la msanii ni kutafuta "taa ya ndege". Tafuta kwa kazi ya kifaa. Hataza zote hupangwa kwa makundi, na taa zinazobadilisha mtawanyiko wa mwanga kwa kusogeza viakisi ziko katika kundi F21V 14/04. Fungua humo usome michoro kwanza, kisha madai.

Utakachokipata kitakuelimisha. Utaona, kwa mfano, kwamba mhandisi Mwingereza George Carwardine alichukua hataza mwanzoni mwa miaka ya 1930 kwa mkono wa taa unaosawazishwa na springi, ule unaokaa popote unapouacha. Hataza hiyo ilikwisha zamani, kwa hiyo shingo ya korongo wako inaweza kutumia kanuni hiyo bila kumwomba mtu. Utaona pia hataza zilizo hai, na hapo kumbuka jambo linaloshangaza wengi: hataza yako inakupa uwezo wa kuwazuia wengine, haikupi ruhusa ya kutengeneza. Taa yako inaweza kuwa na hataza yake na bado ikawa inakanyaga hataza ya mtu mwingine juu ya kidhibiti cha umeme ulichokitumia.

Nichague ipi?

Mtoe korongo manyoya. Ondoa shaba, mguu mmoja, shingo, vyote. Je, kilichobaki, yaani viakisi, mhimili na kidhibiti, ni kitu ambacho mtengenezaji wa taa za hospitali au za maktaba angekitaka? Kama ndiyo, una uvumbuzi unaoishi bila sanaa yako, na hataza inastahili gharama na subira yake. Wasilisha kwanza, onyesha baadaye.

Kama jibu ni hapana, kama watu wanaitaka taa kwa sababu ya korongo na mtambo ni raha ya ziada tu, usijitwishe hataza. Naliona jambo hili mara nyingi mno: kijana anatumia akiba yake yote kutafuta cheti cha mtambo ambao hakuna mshindani angehangaika kuunakili, huku sura ya bidhaa, ambayo ndiyo itakayonakiliwa wiki ya kwanza, hana hata kumbukumbu ya tarehe aliyoichora. Kwa taa kama hiyo, hakimiliki iliyoandaliwa vizuri na usajili wa muundo vinatosha. Katika nchi zenye daftari la hakimiliki, sajili huko pia. Usajili hauumbi haki, ila hurahisisha ushahidi, na kwa kazi zilizoumbwa Marekani unahitajika kabla ya kufungua kesi huko.

Na ikiwa unahitaji zote mbili, hakikisha majina. Mpigapicha uliyemwalika ana hakimiliki ya picha zake mpaka akuandikie kwamba amekupa, isipokuwa mkataba au sheria ya nchi iseme vingine. Rafiki aliyekuambia "badala ya gia tumia yai" anaweza kuwa mvumbuzi mwenza, na hataza iliyoficha jina lake inaweza kupingwa. Aliyechomea tu shaba kwa maelekezo yako si mvumbuzi, hata kama alikesha.

Siku kiwanda kitakapokuita

Mwenye kiwanda akitaka kuitengeneza taa, atakuletea mkataba wenye kiwango kimoja tu cha asilimia ya mauzo kwa "haki zote". Usiuweke sahihi hivyo. Mwaka 1990 mvumbuzi Mmarekani Stephen Kimble aliomba, na baadaye akapata, hataza ya kifaa cha kuchezea kinachorusha povu kutoka kiganjani kama uzi wa buibui. Baada ya kesi, kampuni ya Marvel ilikubali kuinunua hataza hiyo kwa fedha za mkupuo pamoja na asilimia 3 ya mauzo, bila kutaja mwisho. Hataza ilipoisha mwaka 2010, malipo yakaingia kwenye mgogoro, na mwaka 2015 Mahakama Kuu ya Marekani ikashikilia kanuni yake ya tangu 1964: hakuna malipo ya hataza baada ya hataza kuisha. Lakini katika hukumu hiyohiyo mahakama ilieleza kwamba malipo yanaweza kuendelea iwapo yamefungwa kwenye haki nyingine isiyo hataza, hata kama inahusiana nayo kwa karibu.

Kwa hiyo omba vifungu viwili. Kimoja kiseme asilimia fulani ni kwa mtambo, nchi zipi, na mpaka lini. Cha pili kiseme asilimia nyingine ni kwa umbo la korongo, michoro na picha zake, kwa muda wa hakimiliki. Siku mtambo utakapokuwa wa kila mtu, kifungu cha kwanza kitafungwa, na kila korongo atakayeendelea kutoka kiwandani ataendelea kulipiwa kwa kile cha pili.